Mwaliko au Agizo? Uandishi wa Barua Rasmi ya Kuwaalika Wafanyakazi kwenye Warsha

1. Utangulizi

Katika vitabu vya uandishi wa kiuamilifu, barua ya mwaliko aghalabu hupewa nafasi finyu. Mwanafunzi hufunzwa anwani mbili, tarehe, mtajo, mada inayotanguliwa na neno MINT, mwili na sahihi, kisha akaachwa aamini kwamba aliyeipanga barua vizuri ameiandika vizuri. Ukweli ni kwamba barua inaweza kutimiza kaida zote za umbo na bado ikamwacha msomaji hajui iwapo ameombwa au ameamrishwa, afike saa ngapi, aje na nini na nani atamlipia nauli.

Makala haya yanashughulikia aina moja tu ya mwaliko, nayo ni barua ambayo idara huwaandikia wafanyakazi wake ili washiriki katika warsha ya siku moja. Aina hii imeteuliwa kwa sababu ina mvutano ndani yake. Anayealika ni mkubwa wa kazi, na anayealikwa hana uhuru kamili wa kukataa. Mwandishi wa barua ya namna hii hana budi kukaribisha na kudai kwa wakati mmoja, tena bila ya moja kuliharibu jingine. Mvutano huo unafafanuliwa kwanza, kisha barua moja ya kubuni inachambuliwa na kuandikwa upya.

2. Kualika, kuita na kuagiza

Kiswahili kinatofautisha vyema vitenzi vitatu ambavyo barua nyingi za ofisini huvichanganya. Anayealikwa hupewa nafasi: anaweza kuja au kutoa udhuru, na akija hupokelewa kama mgeni. Anayeitwa hupaswa kuitika. Ndiyo maana wito wa mahakama si mwaliko, hata ukiandikwa kwa lugha laini namna gani. Anayeagizwa hutakiwa kutenda, na asipotenda huulizwa sababu.

J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la kusema hufaulu masharti yake yanapotimia. Sharti mojawapo la mwaliko ni kwamba mwalikwa aweze kusema hapana. Sharti hilo lisipokuwepo, neno 'tunakualika' hubaki vazi tu juu ya agizo. Wafanyakazi huligundua vazi hilo upesi, na tangu siku hiyo kila barua ya mwaliko kutoka ofisi hiyo husomwa kwa shaka.

Brown na Levinson, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu adabu katika lugha, wanaeleza ni kwa nini waandishi huingia katika mtego huu. Kumtaka mtu afanye jambo ni kuubana uhuru wake, na msemaji huona haya kuubana uhuru huo waziwazi. Hivyo hutafuta maneno ya kupunguza makali: 'ikiwezekana', 'tungeshukuru', 'mnaombwa'. Maneno haya hayana ubaya, mradi yatumiwe mahali pake. Hasara hutokea yanapolainisha wajibu wenyewe. Mfanyakazi akiambiwa 'ikiwezekana uje na kazi ya mwanafunzi', ana haki ya kuja mikono mitupu, na warsha iliyotegemea kazi hiyo itakwama kabla ya chai ya saa nne.

Kanuni inayofuata kutokana na hayo ni nyepesi: wajibu usemwe wazi, na ulaini uwekwe katika sababu, katika matayarisho aliyofanyiwa mgeni, na katika nafasi anayopewa ya kutoa udhuru. 'Tunakuomba uje na sura moja, kwa kuwa kazi yote ya asubuhi itajengwa juu ya sura hizo' ni sentensi ya adabu, na haimwachi yeyote na shaka. Hapa hali tegemezi, yaani 'uje', 'ulete' na 'uthibitishe', inamfaa mwandishi kuliko 'unatakiwa' na 'ni sharti', kwa kuwa hubeba ombi na matarajio kwa pamoja. 'Ni sharti' ihifadhiwe kwa jambo ambalo lisipofanywa litaleta madhara, mathalani kuficha jina la mwanafunzi ambaye kazi yake itasomwa na wengine.

3. Mfano wa idara moja

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa Idara ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya. Idara ina wahadhiri 24. 14 kati yao ni wa kudumu, na 10 ni wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa saa za kufundisha. Imeonekana kwamba wanafunzi wa uzamili hupokea maoni yanayopingana kutoka kwa wasimamizi wao, na idara inataka kuandaa mwongozo mmoja wa kutoa maoni juu ya rasimu za tasnifu. Barua ya kwanza iliandikwa hivi:

MINT: WARSHA YA WAFANYAKAZI

Mnaarifiwa kuwa kutakuwa na warsha kuhusu usimamizi wa tasnifu tarehe 16 mwezi ujao kuanzia saa 9.00. Wahadhiri wote mnaombwa kuhudhuria bila kukosa. Ikiwezekana, kila mmoja aje na kazi ya mwanafunzi wake. Masuala ya usafiri yatashughulikiwa. Chakula kitakuwepo. Thibitisheni mapema. Karibuni nyote.

Barua hii ni fupi, haina kosa la sarufi la kutisha, na inafanana na barua nyingi zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo. Hata hivyo, inafaa isomwe kwa macho ya mhadhiri wa muda anayefundisha katika vyuo viwili na anayeishi mji mwingine.

Swali lake la kwanza ni iwapo anahusika. Barua inasema 'wahadhiri wote', lakini yeye amezoea kuona neno 'wote' likimaanisha wa kudumu. Tena 'mnaombwa' na 'bila kukosa' hazikai pamoja: anayeombwa anaweza kukosa. Je, asipofika, jina lake litakumbukwa vibaya saa za kufundisha zitakapogawanywa muhula ujao? Barua haisemi, na kimya hicho ndicho kinachomtia hofu. Ikiwa atafika, atapoteza malipo ya siku nzima katika chuo kile kingine. Hayo nayo barua haiyagusi.

Swali la pili ni la saa. 'Saa 9.00' katika ofisi nyingi za Kenya huandikwa na mtu aliyeitazama saa ya simu, ikimaanisha saa tatu asubuhi. Lakini msomaji wa Kiswahili akisoma 'saa tisa', anaelewa saa tisa alasiri, na hana kosa. Tofauti hiyo ya saa sita si mzaha: nusu ya washiriki wanaweza kufika wakati wenzao wanaaga. Kosa hili hutambulika kwa urahisi. Popote tarakimu inapofuata neno 'saa' bila ya 'asubuhi', 'mchana', 'alasiri' au 'jioni', kuna mashaka. Na hata neno hilo likiwepo, ni vyema saa iandikwe kwa maneno. Tarehe nayo imeachwa bila siku ya juma na bila jina la mwezi, kwa hiyo anayeisoma barua siku nne baadaye, mwezi ukiwa umegeuka, atauhesabu 'mwezi ujao' kwingine.

Swali la tatu ni la maandalizi. 'Kazi ya mwanafunzi' yaweza kuwa pendekezo la utafiti, sura moja au tasnifu nzima ya kurasa 150. Hakuna aliyeambiwa alete nakala ngapi wala aifiche vipi asili ya kazi hiyo. Mwanafunzi ambaye rasimu yake mbichi itasomwa na idara nzima, jina lake likiwa juu, ana haki zake, na barua imezisahau.

Swali la nne ni la fedha. 'Masuala ya usafiri yatashughulikiwa' ni sentensi ambayo kila mtu huijaza kwa matumaini yake. Mmoja ataamini kwamba basi la chuo litamfuata, mwingine kwamba atarudishiwa nauli akionyesha stakabadhi. Anayesafiri kwa matatu mara nyingi hapewi stakabadhi, na hilo litajulikana jioni ya warsha, watu wakiwa wamechoka na mhasibu akiwa ameshaondoka.

Neno la mwisho, 'Karibuni nyote', limewekwa kama maua juu ya meza isiyo na chakula. Mwenyeji wa Kiswahili hakaribishi kwa neno pekee. Humwonyesha mgeni mahali pa kuketi, na kabla ya hapo huwa ameshafikiria atakula nini na atarudije kwake. Ukarimu wa barua ya warsha umo katika mambo hayo hayo. Kumbe taarifa za usafiri, chakula na malipo, ambazo wengi huziona kuwa kavu, ndizo zinazoifanya barua iwe na ukaribisho.

4. Barua ilivyoandikwa upya

Kabla ya kuandika upya, idara ililazimika kuamua mambo ambayo barua ya kwanza iliyakwepa. Ilichagua Alhamisi badala ya Ijumaa ili washiriki Waislamu wasilazimike kuchagua kati ya kikao cha mchana na swala ya Ijumaa. Iliamua nauli iwe kiwango kimoja kisichohitaji stakabadhi. Iliamua pia kwamba wahadhiri wa kudumu watahesabiwa kuwa kazini, na kwamba wale wa muda wataalikwa kwa hiari na kulipwa kama waliofundisha saa nne. Kwa sababu hiyo barua ziliandikwa mbili, zikitofautiana katika aya moja tu. Hii ndiyo iliyotumwa kwa wahadhiri wa muda, kila mmoja akitajwa kwa jina lake:

30 Machi 2026

Mheshimiwa Mhadhiri,

MINT: MWALIKO WA WARSHA KUHUSU MAONI YA WASIMAMIZI WA TASNIFU, ALHAMISI, 16 APRILI 2026

Idara ya Kiswahili inakualika kushiriki katika warsha ya siku moja itakayofanyika Alhamisi, tarehe 16 Aprili 2026, katika chumba cha mikutano cha idara, orofa ya pili. Tutaanza saa tatu kamili asubuhi (09:00 kwenye saa ya simu) na kumaliza saa tisa na nusu alasiri (15:30). Chai itakuwa tayari tangu saa mbili na nusu asubuhi kwa wanaotoka mbali.

Wanafunzi wetu wa uzamili wamekuwa wakipokea maoni yanayotofautiana juu ya rasimu zao. Mwishoni mwa siku tunatarajia kuwa na mwongozo wa kurasa mbili ambao wasimamizi wote wataufuata. Wewe unasimamia baadhi ya wanafunzi hao, na mwongozo ulioandikwa bila yako hautakuwa kamili.

Tunakuomba uje umejiandaa kujadili sura moja ya rasimu uliyowahi kuitolea maoni, isiyozidi kurasa 20, pamoja na maoni uliyoandika. Tafadhali pata idhini ya mwanafunzi kwanza. Ni sharti jina lake na nambari yake ya usajili viondolewe. Ukituletea sura hiyo kufikia Ijumaa, 10 Aprili, idara itachapisha nakala nne kwa gharama yake. Baada ya siku hiyo hatutaweza kuchapisha.

Kushiriki kwako ni kwa hiari, na kutoshiriki hakutaathiri mgao wa saa za kufundisha. Ukishiriki, utalipwa kiwango cha saa nne za kufundisha pamoja na malipo ya mwezi wa Aprili. Anayetoka nje ya mji atapewa nauli ya shilingi 600 siku hiyo hiyo kabla ya chamcha, stakabadhi haihitajiki. Idara haitaweza kugharimia malazi.

Chai na chamcha vitaandaliwa. Tafadhali mwarifu katibu wa idara kufikia Ijumaa, 10 Aprili, iwapo utakuja, na kama kuna chakula usichokula au msaada unaouhitaji ili kufika orofa ya pili. Ukiwa na udhuru, tutashukuru kuujua kufikia siku hiyo ili tupange vikundi upya. Ratiba ya siku imeambatishwa.

Karibu sana.

Wako mwaminifu,
Mwenyekiti wa Idara

Katika barua ya wahadhiri wa kudumu, aya ya nne ilianza hivi: 'Warsha hii ni sehemu ya kazi ya idara, na tunatarajia kila mhadhiri wa kudumu ashiriki. Aliye na darasa au safari ya kikazi siku hiyo tunamwomba atuarifu ili tupange pamoja.' Neno 'hiari' halikutumiwa, kwa kuwa halingekuwa kweli.

5. Mambo ya kuzingatiwa katika barua ya pili

Barua hii ni ndefu mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, na huenda msomaji akadhani kwamba urefu huo ni kasoro. Ufupi wa barua ya kwanza, hata hivyo, ulikuwa mkopo. Kila neno lililoachwa lingelipwa baadaye kwa simu, ujumbe na maswali mlangoni mwa katibu, tena mara 24.

Mada imebeba jambo, siku na tarehe. Anayepokea barua kumi kwa siku ataipata siku ya warsha bila kufungua aya. Aya ya kwanza inajibu ni nani, nini, lini na wapi. Mwalikaji ametajwa kama mtenda, 'Idara inakualika', badala ya kufichwa nyuma ya 'mnaarifiwa'. Kauli ya kutendwa hupendwa sana ofisini kwa kuwa humwondolea mwandishi dhima, lakini mgeni angependa kumjua mwenyeji wake.

Nafsi ya pili umoja nayo imeteuliwa makusudi. 'Wahadhiri wote mnaombwa' husomwa na kila mtu kama ujumbe kwa mwenzake. 'Tunakuomba uje umejiandaa' haina mwingine wa kuibeba. Vilevile kitenzi 'shiriki' kimechukua nafasi ya 'hudhuria'. Anayehudhuria anaweza kukaa nyuma na simu yake hadi jioni, ilhali warsha, tofauti na kongamano ambako watu huketi kusikiliza makala, haina mahali pa mtazamaji. Barua imelionyesha hilo kwa kutaja zao la siku, yaani mwongozo wa kurasa mbili.

Tarehe ya mwisho imefungwa na sababu. 'Thibitisheni mapema' haina nguvu kwa sababu mapema ya mmoja ni kuchelewa kwa mwingine. 'Kufikia Ijumaa, 10 Aprili' imeambatana na uchapishaji wa nakala na mpangilio wa vikundi sita vya watu wanne. Mtu mmoja asipofika bila taarifa, kikundi chake kitabaki na sura tatu. Wakikosa watatu wa kikundi kimoja, hakuna majadiliano. Mshiriki akielewa hivyo, hahitaji kusukumwa.

Hatimaye, barua imesema pia kile ambacho idara haiwezi kukitoa. 'Idara haitaweza kugharimia malazi' ni sentensi fupi ambayo waandishi wengi huiogopa, wakidhani itaharibu ukarimu. Kinyume chake ndicho kweli. Mgeni aliyejua mapema kwamba hakuna malazi atapanga safari ya alfajiri au ataomba kulala kwa jamaa. Aliyegundua jioni ataondoka na manung'uniko, hata kama chakula kilikuwa kitamu.

6. Kuijaribu barua kabla ya kuituma, na mipaka yake

Jaribio moja linatosha. Barua ipewe mtu asiyehusika na maandalizi, kisha baada ya kuisoma mara moja aulizwe mambo matano bila kuitazama tena: nifike siku gani na saa ngapi, nije na nini, je ninaweza kukataa, nitalipwa au nitalipa nini, na nimjulishe nani kabla ya lini. Jibu lolote linaloanza na 'nadhani' linaonyesha sentensi ya kuandikwa upya. Inafaa msomaji huyo awe karibu na hali ya mwalikwa aliye mnyonge zaidi, kwa kuwa mhadhiri wa kudumu mwenye ofisi jirani na katibu hawezi kuyaona mapengo ambayo mhadhiri wa muda huyaona mara moja.

Hata hivyo, barua haiwezi kutengeneza kile ambacho ofisi haijaamua. Ikiwa fedha za nauli hazijaidhinishwa, hakuna uteuzi wa maneno utakaoziba pengo hilo; 'yatashughulikiwa' itajitokeza tena kwa sura nyingine. Katika hali hiyo ni afadhali barua isubiri, au iseme waziwazi kwamba nauli haitalipwa na kwamba wa mbali wanaweza kutuma maoni yao kwa maandishi. Mashaka ya lugha katika mwaliko mara nyingi ni dalili ya uamuzi ulioahirishwa, na mhariri makini wa barua za ofisini huanza kwa kuuliza, 'Je, hili limeamuliwa?', kabla ya kuuliza, 'Je, hili limeandikwa vizuri?'

7. Hitimisho

Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi nchini Kenya kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7. Hadhi hiyo haitaonekana katika ofisi kwa sababu ya tafsiri za barua za Kiingereza zilizojaa 'mnaarifiwa' na saa zisizosomeka. Barua iliyochambuliwa hapa inaonyesha kwamba lugha hii ina zana zake za kutosha: hali tegemezi ya kuomba pasipo kubembeleza, nafsi inayomlenga mtu mmoja, na mfumo wa saa usio na utata ukiandikwa kwa maneno. Anayefundisha barua rasmi anaweza kuanza na barua ile ya kwanza ya idara, awaulize wanafunzi wake maswali matano yaliyotajwa, kisha awaache waiandike upya kwa niaba ya mhadhiri anayetoka mji mwingine kwa matatu ya alfajiri.